Mshumaa wa siku ufungwe saa ngapi, na nani aamue?

Baharia wa Tanga: Wakuu, najaribu mkakati wangu kwenye data za nyuma, pauni kwa dola, GBPUSD, chati ya siku, D1. Tarehe 6 Oktoba 2016 mshumaa wa broka wangu wa kwanza una mkia mrefu kwenda chini. Wa broka wa pili, tarehe hiyohiyo, hauna. Nani anachakachua? Na kwa nini broka wote wasilazimishwe kufunga siku kwa wakati mmoja?

Fundi Chati: Kabla hujamshuku mtu, sogeza chati ya pili hadi Ijumaa tarehe 7. Mkia wako uko pale.

Soko la fedha za kigeni halina kengele ya kufunga katikati ya wiki. Linafunguliwa Jumapili jioni na kufungwa Ijumaa jioni kwa saa za New York, na katikati hapo kila broka anakata siku kwa saa ya seva yake. Wengi hukata saa kumi na moja jioni ya New York. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa sita usiku wakiwa kwenye majira ya joto, na saa saba usiku wakiwa kwenye baridi. Anayefuata GMT hukata saa tisa usiku wetu, mwaka mzima.

Usiku ule pauni iliporomoka kwa takriban asilimia 9 dhidi ya dola ndani ya dakika chache, kisha ikarudisha sehemu kubwa ya anguko. Ilikuwa saa nane na dakika saba usiku kwa saa zetu. Kwa broka wa New York, Alhamisi ilishafungwa saa mbili nyuma, kwa hiyo anguko lote likaandikwa Ijumaa. Kwa broka wa GMT, Alhamisi ilikuwa na dakika 53 mbele yake, mkia ukabaki huko.

Sasa fikiria watu wawili wameamka saa kumi na mbili asubuhi. Mmoja anaona mshumaa wa Alhamisi uliokamilika, una mkia mrefu, anasema bei imekataliwa chini, ananunua. Mwenzake anaona Alhamisi ya kawaida na Ijumaa ambayo haijakamilika, na takwimu za ajira za Marekani zinatoka mchana huohuo. Soko ni lilelile. Hata viashiria vyao vya RSI, vinavyopima nguvu ya bei, havifanani. RSI haiangalii mikia, inaangalia bei za kufunga tu, lakini Alhamisi ya GMT ilifungwa chini zaidi kwa sababu bei ilikuwa haijarudi yote.

Mkali wa M15: Ndiyo maana mimi sigusi D1. Kwenye M15, mishumaa ya dakika 15, hakuna ubishi huu.

Fundi Chati: Kweli, mishumaa ya saa moja, H1, na mifupi zaidi inakatwa palepale kwa karibu broka wote. H4, mishumaa ya saa nne, ndiyo inayowashangaza watu: seva ya GMT na seva ya GMT+2 zinakata H4 katika saa tofauti kabisa.

Chui wa Kariakoo: Mnazunguka sana. Chukua broka mwenye seva ya GMT+3. Saa yake inalingana na ya ukutani hapa Dar, na siku inafungwa na New York. Kazi imeisha.

Fundi Chati: Kaka, imeisha kwa miezi kama minane tu ya mwaka. Marekani wakirudisha saa nyuma Novemba, seva inatakiwa irudi GMT+2. Ikibaki GMT+3, soko la Ijumaa linavuka usiku wa manane wa seva na unapata mshumaa wa Jumamosi wenye saa moja tu ndani yake. Na kuna seva zinazofuata kalenda ya Ulaya. Mwaka 2025 Marekani walisogeza saa tarehe 9 Machi, Ulaya tarehe 30 Machi. Katika pengo hilo seva ya namna hiyo inakuletea vijishumaa vitatu vya Jumapili, kisha inatulia. Ukitazama chati Juni utasema iko safi.

Dada wa Kisumu: Samahani kuingilia. Jumatano nilikatwa swapu, ile ada ya kulaza oda usiku, mara tatu ya kawaida. Ni hii saa ya seva?

Mwalimu Hesabu: Hapana dada, hilo ni jingine. Kwa jozi nyingi malipo hukamilika siku mbili za kazi baadaye, kwa hiyo kuvuka Jumatano usiku kunasogeza malipo kutoka Ijumaa hadi Jumatatu, na wikendi inalipiwa hapo.

Mama Pivoti: Mimi kila Jumatatu mistari yangu ya pivoti inabanana kama dagaa. Jumanne inakaa sawa. Nilidhani kiashiria kimeharibika.

Fundi Chati: Kiashiria ni kizima, mama, kinakula mshumaa wa Jumapili. Tuchukue mfano. EURUSD Ijumaa: juu 1.0900, chini 1.0820, kufunga 1.0830. Pivoti ni wastani wa hizo tatu, 1.0850. Mstari wa juu, R1, unakuwa 1.0880 na wa chini, S1, 1.0800, nafasi ya pipsi 80. Kwa seva ya GMT, Jumapili ina saa mbili au tatu tu za soko lililolala: juu 1.0838, chini 1.0826, kufunga 1.0829. Kiashiria kinaichukua kama "jana". Pivoti 1.0831, R1 1.0836, S1 1.0824. Pipsi 12! London ikifungua tu, bei imeshavunja yote.

Kijishumaa hichohicho kinagusa wastani mrefu. MA ya 200 kwenye D1 ya mishumaa mitano kwa wiki inabeba wiki 40. Kwenye mishumaa sita inabeba wiki 33 na kidogo. Watu wanabishana kama bei iko juu au chini ya MA 200 na kila mmoja ana mstari wake.

Baharia wa Tanga: Nitajuaje seva yangu inasoma saa ngapi?

Fundi Chati: Siku ya kazi, soko likitembea, endesha hii kwenye programu ya MT5:

```
Print(TimeCurrent(), "  ", TimeGMT());
```

Tofauti ya hizo mbili ndiyo saa ya seva, ilimradi saa ya kompyuta yako ni sahihi. Rudia Machi na Novemba. Ndani ya Strategy Tester haisaidii, kule zote mbili zinatoka saa ileile.

Mwalimu Hesabu: Turudi kwenye hoja ya kulazimisha. Kwa nini New York iwe mfalme? London ndiyo inayopitisha biashara kubwa zaidi ya fedha duniani, na mifuko ya uwekezaji hupima thamani kwa bei ya saa kumi jioni ya London. Ukilazimisha saa moja unawapendelea wengine.

Fundi Chati: Sipendi kulazimisha pia, ila New York ina sababu ya kazi: ndipo tarehe ya malipo inapobadilika, na wiki inagawanyika mara tano bila mabaki. Ninachodai ni mteja aambiwe na aachiwe achague. Inawezekana. API ya OANDA ina `dailyAlignment` na `alignmentTimezone`. Usipoandika kitu inachukua 17 na America/New_York.

Mwalimu Hesabu: Mteja mpya akiachiwa achague, atajaribu saa zote mpaka apate ile inayopendeza mkakati wake. Hilo ni baya zaidi.

Fundi Chati: Mkakati unaokufa ukisogeza siku kwa saa tatu ulikuwa umekufa tangu mwanzo. Bora ajue kwenye demo.

Baharia wa Tanga: Nimeendesha. Mmoja tofauti ni sifuri, mwingine ni saa tatu. Na mkia nimeukuta Ijumaa kweli. Lakini ncha zake za chini hazifanani, zimepishana pipsi nyingi.

Fundi Chati: Hapo saa haihusiki. Usiku ule oda za kununua zilitoweka, na kila broka alirekodi bei ya chini aliyoletewa na benki zake. Hakuna ncha moja ya kweli ya kulinganisha nayo. Stopu ya kukata hasara iliyokuwa hapo katikati iliguswa kwa mmoja ikapona kwa mwingine.

Chui wa Kariakoo: Kwa hiyo kuna nafasi ya kuchakachua bado.

Fundi Chati: Kwenye ncha, ndiyo, hilo siwezi kulikataa. Kwenye tarehe ya mkia, hapana.