Gumzo la Jamaa wa Kibokoni: Nikaha ya Nuru Iwe Lini?

Bi Zuhura: Assalam alaykum jamaa. Upande wa mume wameleta tarehe: nikaha ya Nuru Ijumaa 16 Oktoba, kupamba Jumamosi 17. Mwaonaje kabla sijawajibu?

Mwalimu Asha: Waalaykum salaam dada. Oktoba siiafiki. Salma yuko kidato cha nne, na KCSE huanza kwa mitihani ya vitendo na ya kuzungumza mwezi huo huo. Mtoto hawezi kukesha kwenye kupamba Jumamosi kisha Jumatatu akaingia mtihanini. Kijana wa Kassim naye yuko gredi ya 9. Agosti shule zimefungwa, tutafuteni huko.

Athman: Basi Ijumaa 7 Agosti.

Bibi Mwanaisha: La, wajukuu zangu. Hiyo ni mfungo tano, mwezi wa Safar. Sijaoza mtoto mfungo tano.

Athman: Bibi, Mtume s.a.w. alikwisha kukanusha nuksi ya Safar.

Bibi Mwanaisha: Hadithi naijua, Athman, na sikatai. Lakini likitokea la kutokea, maneno yatamwandama Nuru, si wewe.

Athman: Nimekuelewa bibi. Tusonge wiki moja, Ijumaa 14 Agosti. Kalenda yangu ya ukutani yaonyesha ndiyo mosi mfungo sita. Tuoze baada ya Alasiri, wageni wapate kurudi mapema.

Mzee Abdalla: Hapo pana tatizo, mwanangu. Kalenda ya ukutani ni makisio, mwezi haujaandama. Makisio yasema mfungo tano utaingia Alhamisi 16 Julai. Hesabu kutoka hapo: ukiwa wa siku 29, utakwisha Alhamisi 13 Agosti, na Ijumaa itakuwa mosi. Ukiwa wa siku 30, Ijumaa mchana bado ni mfungo tano, na Alasiri yako itakuwa ndani yake.

Bi Zuhura: Sasa tufanyeje ami?

Mzee Abdalla: Tuoze siku hiyo hiyo baada ya Isha. Siku yetu huanza jua likichwa. Mwezi hauna siku 31, kwa hivyo Magharibi ya Ijumaa hiyo ikiingia, mfungo sita utakuwa umeingia, wa 29 au wa 30. Bibi atakaa na moyo mweupe, na kupamba kutabaki Jumamosi 15.

Ami Kassim: Basi nikaha ni usiku wa Ijumaa. Nawaambia watu wa Likoni wavuke Alhamisi jioni.

Mzee Abdalla: Hapana Kassim! Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likichwa. Sisi twasema Ijumaa usiku, yaani usiku wa kuamkia Jumamosi. Zuhura, kwenye kadi andika "Ijumaa 14 Agosti, saa mbili na nusu usiku". Nimeona watu wakifika msikitini siku moja kabla kwa neno hilo.

Ami Kassim: Alhamdulillahi nimeuliza. Nilikuwa nishampigia mwenye basi.

Mwalimu Asha: Na tusisukume mbele zaidi. Tarehe kumi na mbili mfungo sita itaangukia Jumanne 25 au Jumatano 26 Agosti. Wiki hiyo ina maulidi ya mitaa, wapiga matwari na wapishi wa biriani hutawapata, na shule nazo zafunguliwa.

Bi Rukia: Mimi nilifiwa na mume tarehe tano mfungo mosi. Miezi minne yatimia tano mfungo tano, na siku kumi juu. Nitatoka eda mwisho wa Julai, inshallah. Nilikuwa naogopa mtaniambia Julai.

Bi Zuhura: Dada, bila wewe Nuru hatoki nyumbani. 😢

Mwalimu Asha: Bado jambo moja. Mwaka jana tulifiwa Jumatano, tukazika Alhamisi baada ya Adhuhuri, na arusi ilikuwa Ijumaa. Tulioza kwa kahawa na halua tu, kupamba tukaacha. Mwenye ukumbi akakataa kuhamisha siku, amana yote ikaenda. Matanga hayana kalenda. Kabla ya kulipa, mwenye ukumbi aandike: tukifiwa, amana yahamia siku nyingine, na tumpe taarifa siku ngapi kabla.

Athman: Wakikataa?

Mwalimu Asha: Tupunguze amana, au tufanye uani kwa Bi Rukia na maturubai.

Bi Rukia: Ua upo. Lakini wageni 300 hawaenei.

Bi Zuhura: Ukumbi nitauuliza kesho. Upande wa mume nitawaambia 14 Agosti baada ya Isha, ila wasichapishe kadi.

Mzee Abdalla: Ndiyo, wangoje. Jumatano 15 Julai baada ya Magharibi mwezi uangaliwe. Usipoonekana, mfungo tano utaanza Ijumaa 17, na hesabu yangu ya Isha itabaki salama kwa mwezi wa siku 29 peke yake.

Bibi Mwanaisha: Siku hiyo nipandisheni darini, nitazame mwenyewe.