Fundi kafunga ruta ya pili pale pale mtandao unapofia, sasa anataka kuniuzia ya tatu!

Mkazi_wa_Goba

Wakuu, leo salamu mtanidai, nimechoka.

Nyumba yangu ni ya chini, bloku za inchi sita. Sebule iko mbele, halafu korido ndefu yenye vyumba huku na huku, na mwisho kabisa ni chumba changu, ambako pia ndiko ninakofanyia kazi. Faiba imeingilia sebuleni, kifurushi cha Mbps 40. Nikipima sebuleni napata 37 au 38, hapo sina ugomvi na mtu. Shida ni chumbani: kistari kimoja, mikutano inakatika, mteja anabaki ananiangalia nimeganda mdomo wazi.

Nikaenda kwenye kampuni moja (siitaji), wakaniuzia ruta za meshi, mama na mtoto kwenye boksi moja, pamoja na fundi wa kuja kufunga. Fundi mwenyewe akashika simu, akatembea koridoni taratibu huku anaangalia vistari. Alipofika karibu na kitanda changu, kikabaki kimoja kinachopepesa, akasema: "Bosi, mtandao unaishia hapa, kwa hiyo tunauanzisha upya hapa hapa." Akachomeka ile ndogo kwenye soketi ya pembeni ya kitanda. Taa ikawaka kijani, simu ikajaa vistari. Akapiga picha ya taa, nikasaini, akaaga.

Kupima: Mbps 4. Nne! Vistari vimejaa pomoni, na kasi ni ileile ya umaskini. Jioni inashuka hadi 2. Nikawapigia, jibu lao: "Nyumba yako ni ndefu bosi, inahitaji ruta ya tatu." Yaani niliyolipia haifanyi kazi, na dawa yake ni kununua nyingine kama hiyo hiyo? Kuna mtu humu ameuziwa hivi? Na kwa nini vistari vijae kama hakuna mtandao?

MtuWaBando

Pole mkuu. Hapo wamekubana kifurushi tu, hakuna kingine. Mimi natumia laini ya simu, nikishavuka kiwango cha mwezi kasi inashuka mpaka picha za wasapu hazifunguki. Piga huduma kwa wateja uulize umebakiwa na kiasi gani.

Mkazi_wa_Goba

Mkuu, nimeandika sebuleni napata 37. Muda huo huo, simu hiyo hiyo. Wangekuwa wamebana kifurushi, kingebana nyumba nzima.

Mzee_Kijana

Kosa la fundi liko wazi. Ruta ya pili inakaa katikati, nusu ya njia. Chukua futi, pima kutoka sebuleni hadi chumbani, gawa kwa mbili, chomeka hapo. Kama ni mita 18, weka kwenye ya 9. Kwangu nilifanya hivyo na mambo yakanyooka.

Mkazi_wa_Goba

Nusu ya njia kwangu inaangukia jikoni, nyuma ya friji. Soketi ipo, ngoja nijaribu.

Nguzo_na_Nyaya

Usiweke nyuma ya friji. Futi ya Mzee Kijana itakufikisha karibu na ukweli halafu ikutupe shimoni. Mawimbi hayahesabu mita, yanahesabu kilichosimama njiani. Mita 12 za korido tupu ni nafuu kuliko mita 4 zenye kuta mbili na friji. Nimefunga hivi vitu kwenye nyumba nyingi na mahoteli madogo Arusha, na kazi ninazoitwa kurekebisha nyingi ni za aina hii ya fundi wako.

Kuhusu vistari. Simu yako inapima nguvu ya mawimbi kati yake na ruta iliyo karibu nayo. Ile ndogo iko kando ya mto wako, lazima vijae. Lakini ruta ndogo haina intaneti yake, inaipokea hewani kutoka kwa mama aliye sebuleni, na huo mruko wa pili simu haikuonyeshi kabisa. Ni sawa na kupokezana ndoo: ukipokea ya robo huwezi kumkabidhi mwenzio iliyojaa, hata akisimama karibu namna gani. Fundi kaiweka pale ambapo yeye mwenyewe aliona kistari kimoja. Sasa ruta ndogo ndiyo inaishi na hicho kistari kimoja, na inagawa ilichopata.

Kama una laptopu ya Windows, ikae kitandani karibu na ile ndogo, uandike hii:

```
netsh wlan show interfaces
```

Tuletee mstari wa `Signal` na wa `Receive rate (Mbps)`. Halafu zima ruta ndogo kabisa, chukua simu yenye programu ya kupima waifai kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi ambacho namba ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi, isimamishe kwenye ile soketi ya kitanda na usome nguvu ya ruta mama kwenye 5 GHz.

Mkazi_wa_Goba

Majibu, mkuu. Laptopu kitandani: `Signal` 98%, `Receive rate` 866.7. Na kipimo cha kasi wakati huo huo ni 4.

Nimezima ndogo. Kwenye soketi ya kitanda mama anasomeka -83 kwenye 5 GHz, na mara nyingine anapotea kabisa. Kwenye 2.4 GHz ni -74, lakini naona majina ya waifai za majirani yamerundikana pale hadi nimeshangaa.

Nguzo_na_Nyaya

Basi umeshamkamata mwizi. Laptopu na ruta ndogo wanaongea kwa 866, hawana tatizo lolote. Tatizo ni mruko wa kutoka kwa mama. Kwa -83 ruta ndogo haiwezi kushikilia 5 GHz, kwa hiyo inajificha kwenye 2.4 ambako mnagombania hewa na mtaa mzima. Jioni majirani wanarudi kazini, ndiyo maana unashuka hadi 2.

Kuna jambo jingine. Ruta zenu hizi za bei ya kati zina redio mbili tu, hazina ya tatu ya kuongelea na mama. Wewe na mruko mkiwa wote kwenye 5 GHz, redio ileile inayopokea ndiyo inayokupa wewe, kwa zamu, kwa hiyo kila kitu kinapita hewani mara mbili na unapoteza kama nusu. Mruko ukiwa na afya, nusu ya mamia bado inatosha kifurushi chako cha 40 na chenji inabaki. Mruko ukiwa mahututi kwenye 2.4, hata bila kugawa nusu unabaki na hiyo 4.

Fanya hivi: ile ndogo ibaki imezimwa. Anza kwa mama, tembea kuelekea chumbani huku unasoma dBm za 5 GHz, kila pahali usimame kidogo maana namba inachezacheza. Tafuta soketi ambayo namba haijazama chini ya -65. Ukikuta -60 ndiyo nzuri zaidi. Iweke juu ya meza au kabati, mahali pa wazi, isiangalie bati wala kioo kikubwa. Usiogope kwamba "haifiki" chumbani. Inatakiwa iwe inapokea vizuri kwanza, kuufikisha mtandao chumbani ni kazi yake.

Usiisogeze mno kwa mama pia. Ikiwa kwenye -40 umenunua ruta mbili za sebule moja.

Bibi_wa_Shangani

Ndugu zangu, mnazungumza bloku za inchi sita kama ni ukuta. Sisi huku Mji Mkongwe nyumba ni ya mawe na chokaa, ukuta upana wake unapata dhiraa nzima. Nimetembea na simu kama mlivyoelekeza: chumba cha ruta -48, nikavuka mlango mmoja tu wa pembeni -79. Hiyo -60 kwangu haipo popote, labda nisimame kizingitini. Nifanyeje, niweke ruta mlangoni watu wairuke?

Nguzo_na_Nyaya

Kwako bibi, shikamoo, hewani hapafai. Vuta kebo ya mtandao kutoka kwa mama hadi chumba cha pili, ipitishe juu ya milango au ilipo bomba la umeme la nje, uchomeke nyuma ya ruta ndogo. Ikipata waya, hayo ya umbali yote yanakufa: iweke hata mwisho wa nyumba, kwenye kiza kabisa. Angalia tu ruta yenyewe iwe inakubali waya, nyingi zinakubali.

Bibi_wa_Shangani

Marahaba. Kutoboa haturuhusiwi ovyo, nyumba hizi zina wenyewe. Nitatazama njia ya kupitia dirishani.

Mkazi_wa_Goba

Nimerudi. Nyuma ya friji nilipima kwa udadisi: -77. Mita chache kabla ya hapo, koridoni nje ya mlango wa jiko, kuna soketi ya pasi: -61. Nimeweka stuli, ruta juu yake.

Kando ya ruta ndogo napata 36. Nikaingia chumbani kwa furaha, nikapima: 5. Nimetaka kuirusha dirishani.

Nguzo_na_Nyaya

Subiri kwanza. Zima waifai ya simu, uwashe tena ukiwa chumbani. Simu ilikuwa imemng'ang'ania mama wa sebuleni tangu ulipotoka huko. Kuhama ni uamuzi wa simu, na nyingine ni wabishi.

Mkazi_wa_Goba

29. Mezani pangu ninapofanyia kazi, mlango umefungwa, 29. Nimefanya mkutano mzima bila kuganda. Vistari viwili tu kwenye simu, na kasi ni mara saba ya ile ya vistari vyote.

Bafuni bado hamna kitu, inakwama kwenye kabati la nguo lenye milango ya vioo.

Mzee_Kijana

Sasa si ni katikati hiyo hiyo niliyosema? Mmezunguka wee mmerudi kwangu.

Nguzo_na_Nyaya

Katikati yako ilikuwa nyuma ya friji, mzee.

Mzee_Kijana

Kwangu friji iko upande wa pili. Bado nasema futi inatosha kwa nyumba za kawaida. Na kwa nini asisogeze mama mwenyewe koridoni? Faiba si waya tu?

Nguzo_na_Nyaya

Hapo una hoja, mama akiwa katikati ya nyumba pengine hata ndogo isingehitajika. Ila waya wa faiba ukiukunja vibaya unakatika kwa ndani, na kuurudishia ni kazi ya kampuni. Njia rahisi ni kuacha kisanduku cha faiba sebuleni na kuvuta kebo ya kawaida hadi kwa mama. Mkazi, una nafasi juu ya dari?

Mkazi_wa_Goba

Dari ni jipsamu, kuna njia. Nitaangalia mwisho wa wiki.

Ila sijamaliza na hawa watu. Nimewapigia kuwaambia nimehamisha mwenyewe na inafanya kazi, kwa hiyo ruta ya tatu wakae nayo, na wanirudishie hela ya ufundi. Mhudumu kaniambia ufungaji "ulikamilika kwa sababu taa ilikuwa ya kijani na picha ipo kwenye mfumo," na kwamba nikiisogeza mwenyewe wao hawahusiki tena. Kijani inasema tu kwamba mtoto kamwona mama, haisemi anamsikia! Nimeomba kuongea na msimamizi, nimeambiwa atanipigia. Mwenye namba ya kuwabana watu wa hivi, anielekeze.

MtuWaBando

Mkuu, uliangalia salio la bando lakini?