Uzi wa mpira hauvuti kifuani mwa gauni, nimekwama

FundiWaNzuguni:
Habari za jioni mafundi wenzangu. Nina mteja anayenyonyesha, anataka gauni la kitenge la kuvaa kwenye kipaimara cha mdogo wake. Kifuani livutike, ila hataki mpira wa kupitisha kwenye pindo, anasema unambana na kumwachia alama. Nimenunua uzi wa mpira pale Majengo nikauweka kwenye bobini, juu nikatumia uzi wa kawaida. Kifua chake ni sm 92, nami nataka gauni likiwa halijavaliwa liwe na sm 84. Nilianza na kitambaa cha sm 150, nimeshona mistari mitano, kimerudi hadi sm 124 tu. Cherehani ni ya miguu, nyeusi, ya zamani. Naongeza mistari au kuna jambo jingine?

Mama_Vitambaa:
Mwanangu, tia tu mpira mwembamba wa nusu sentimita, pitisha kwa pini, mambo yaishe. Mimi sketi za shule nafanya hivyo miaka yote.

FundiWaNzuguni:
Shikamoo mama. Kwenye sketi sawa, lakini huyu mteja mpira wa pindo ndio hautaki.

Kijana_Kizota:
Dada, tatizo ni bobini. Jaza kwa mashine huku umeuvuta uzi kwa nguvu, utavuta mpaka ushangae.

BibiCherehani_Kondoa:
Kijana, kuvuta utavuta, lakini ukijaza kwa nguvu uzi hukaa bobini ukiwa umenyooka, na mistari haitalingana. Ujaze kwa mkono, ulale tu bila kulegea.

FundiWaNzuguni, kinachokunja kitambaa ni ule mkazo uzi unaoupata ukitoka kwenye nyumba ya bobini. Naona wako unatoka bure. Shika ncha ya uzi, acha nyumba ya bobini ining'inie. Ikiteremka yenyewe mpaka chini, umelegea. Kaza skrubu ndogo ya pembeni robo mzunguko, ujaribu tena, mpaka itulie hewani na ishuke kidogo tu ukiitikisa. Kama uliupitisha uzi nje ya ile bati inayoukandamiza, urudishe ndani.

Pili, mshono uwe mrefu, milimita 4 hivi. Mshono mfupi unaubana mpira kwenye matundu mengi, haupati nafasi ya kurudi. Tatu, hicho kitenge umekifua? Kikiwa bado na wanga wa dukani kinasimama kama karatasi, mpira haukiwezi.

FundiWaNzuguni:
Sijakifua bibi. Na mshono nilikuwa kwenye ule wa kawaida wa kuunga.

BibiCherehani_Kondoa:
Basi fua kwanza. Halafu kata kipande cha majaribio cha sm 30 cha kitambaa hicho hicho. Shona mistari mitano, sm 1 kati ya mmoja na mwingine. Kuanzia wa pili, nyoosha kitambaa kwa mikono miwili mbele na nyuma ya sindano, maana mstari wa kwanza umeshakikunja. Ukimaliza, weka kitambaa kibichi juu, sogeza pasi ya moto bila kuikandamiza, mvuke uingie. Mpira utajikunja zaidi. Hapo ndipo upime.

Msomaji_Mpwapwa:
Samahani kuingilia. Huku uzi wa mpira siupati kabisa. Smoki ya mkono nayo inavutika?

BibiCherehani_Kondoa:
Inavutika, ila hairudi kwa nguvu kama mpira. Chukua kitambaa mara tatu ya upana unaoutaka, kabla hujaunga gauni. Piga mistari ya kushikiza kwa matundu yanayolingana, vuta marinda yasimame. Halafu kwa uzi wa kudarizi unganisha vilele viwiliviwili, na mstari unaofuata unganisha kila kilele na jirani wa upande wa pili. Ukichomoa nyuzi za kushikiza, vidirisha vya katikati hufunguka mtu akivuta. Ukishona vilele vyote kwa mfululizo, mstari huo haufunguki tena. Na gauni la kubana uliachie vifungo.

FundiWaNzuguni:
Nimerudi. Nimefua, nimekaza skrubu, kipande cha sm 30 kimekuwa sm 18 baada ya mvuke.

BibiCherehani_Kondoa:
Vizuri. 84 gawanya kwa 18, zidisha kwa 30, ni sm 140. Ongeza za mshono wa pembeni, sm 144 zinatosha. Ncha za mpira usizikate kabla ya kuunga pembeni. Zifunge fundo, kisha zishonee mara mbili ndani ya mshono, la sivyo zitachomoka siku ya kwanza akivaa.

Kijana_Kizota:
Na kile cha zamani afumue?

BibiCherehani_Kondoa:
Ajaribu mvuke kwanza. Ila ule mshono ni mfupi, sidhani kama kitafika 84.

FundiWaNzuguni:
Nitajaribu kesho asubuhi. Ila bibi, mteja anaanika juani kutwa nzima, na hili jua letu la Dodoma. Mpira utadumu?

BibiCherehani_Kondoa:
Joto huuchosha mpira. Mwambie aanike kivulini, amegeuza ndani nje, na asipige pasi ya kukandamiza hapo kifuani. Miezi mingapi utadumu inategemea uzi wenyewe, hata mimi hunichezea.