Barua pepe ya "maboresho" ya mahudhurio: mabadiliko yamefichwa ukurasa wa sita, tarehe za kuanza ziko tatu, na makato yameshapita

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kampuni ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, ilitutumia wafanyakazi wote barua pepe Ijumaa ya tarehe 25 jioni, wakati watu wameshaanza kuzima kompyuta, yenye kichwa "Maboresho ya Utaratibu wa Mahudhurio na Kazi Nje ya Ofisi". Ina aya nne. Ya kwanza inatushukuru kwa kujituma, ya pili inasifu ushirikiano wa ana kwa ana, ya tatu inasema kwamba siku za kufanya kazi nje ya ofisi "zitaendana na mahitaji ya idara", na ya nne inatuomba tusome kiambatisho na kutujulisha kwamba utaratibu "unaanza mara moja". Aliyeishia hapo, na wengi waliishia hapo kwa kuwa wanasoma kwenye simu ndani ya daladala, alikwenda nyumbani akiamini kwamba hakuna kikubwa kilichobadilika.

Kiambatisho ndicho chenye maneno. Ukurasa wa sita unafuta siku mbili za kila wiki ambazo tumekuwa tukifanyia kazi nyumbani tangu 2021, na badala yake unatoa siku moja kwa mwezi, tena kwa kibali cha mkuu wa idara kilichoombwa siku tano za kazi kabla. Daftari la mahudhurio limeondolewa, na mashine ya alama za vidole pale mlangoni, ambayo tuliambiwa iko kwenye majaribio, sasa ndiyo ushahidi pekee. Saa ya kuingia inabaki saa mbili kamili asubuhi, lakini atakayechelewa kwa zaidi ya dakika kumi na tano "atahesabiwa nusu siku bila malipo". Hayo matatu ndiyo mabadiliko yenyewe, na hakuna hata moja lililotajwa wazi ndani ya barua iliyodai kutupa muhtasari wake.

Kuhusu tarehe, nimesoma mara kadhaa nikidhani macho yananidanganya. Barua inasema mara moja. Jalada la kiambatisho linasema tarehe 1 ya mwezi ujao. Ukurasa wa tisa, katika kipengele cha malipo, unasema makato yatahesabiwa "kuanzia mzunguko wa mishahara unaoendelea", na mzunguko wetu hufunguliwa tarehe 21. Maana yake ni kwamba adhabu ilianza kufanya kazi siku nne kabla ya mtu yeyote kuambiwa kwamba ipo.

Nitoe mfano wa mwenzangu wa idara ya hesabu, aliyeniruhusu kuusimulia. Mshahara wake ni shilingi 900,000 kwa mwezi, na tunafanya kazi saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki. Tarehe 23 mvua ilinyesha tangu alfajiri, barabara ya Mbagala ikasimama, na mashine ikamsoma saa 2:20. Siku hiyo alimweleza msimamizi wake, akaambiwa hakuna neno. Hati ya mshahara ilipotoka, ilikuwa na mstari mpya wa "mahudhurio" wenye makato ya shilingi 20,771. Nimekaa naye tukapiga hesabu kwa kanuni ya sheria yenyewe, ambayo hugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki: wiki ni kama shilingi 207,700, siku ni 41,540, na saa moja ni 5,190. Dakika ishirini alizokosa zina thamani ya takribani shilingi 1,730. Amekatwa mara kumi na mbili ya hizo, na saa tatu na dakika arobaini zilizobaki za asubuhi hiyo alizifanyia kazi akiwa amekaa kwenye kiti chake, bure.

Na hiyo mashine nayo ina yake. Saa yake iko mbele ya saa za simu zetu kwa dakika nne, jambo ambalo kila mmoja anaweza kulihakiki akisimama pale na simu mkononi. Dada anayetuhudumia chai, ambaye vidole vyake vimechakaa kwa sabuni, huweka kidole mara tano au sita kabla hakijakubaliwa, huku foleni ikirefuka nyuma yake na dakika za watu wengine zikienda.

Ninachodai si kikubwa. Mwajiri anayebadilisha utaratibu aseme ulikuwaje, sasa ukoje, unamhusu nani, unaanza tarehe gani, na siku zilizokwisha kuidhinishwa chini ya utaratibu wa zamani zitafanywaje. Hizo ni sentensi tano, na zingetosha hata kama habari yenyewe ni chungu. Swali langu kwenu ni hili: je, mwajiri anaweza kweli kutuondolea siku hizo kwa barua pepe tu, na makato haya yana msingi gani?

Chuma cha Reli aliandika:
Mkuu, mkataba ni mkataba. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema mwajiri habadilishi kitu bila wewe kukubali. Hujasaini, basi hakuna kilichobadilika. Kaa nyumbani siku zako mbili kama kawaida, fanya kazi zako, na wakikugusa uwapeleke mbele.

Mama Utumishi aliandika:
Nimekaa ofisi za utumishi hadi nikastaafu, kwa hiyo naomba mwanangu asifuate ushauri huo wa kukaa nyumbani. Kanuni za utendaji bora za 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinauhesabu utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Utakuwa umewapa fimbo ya kukuchapia.

Kifungu cha 15 ni kweli kipo, lakini kisomwe chote. Mahali pa kazi na saa za kazi ni miongoni mwa mambo ambayo mwajiri lazima ayaandike na kumpa mfanyakazi, na yanapobadilika, kifungu kidogo cha 4 kinamtaka ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Kushauriana hakuwi kuomba ridhaa kwa kila hali, lakini pia si kutuma kiambatisho Ijumaa jioni. Sasa jambo la kwanza ni kufungua mkataba wako na kutazama palipoandikwa mahali pa kazi. Ikiwa pameandikwa ofisi ya makao makuu na hizo siku mbili zilikuja baadaye kwa barua ya ruhusa, mwajiri atasema alitoa ruhusa na ameiondoa, na hoja yake itakuwa na uzito. Wewe utasema ruhusa iliyodumu tangu 2021 imekuwa sehemu ya masharti. Hapo sikuahidi ushindi.

Kwenye makato ndiko mlikosimama pazuri. Kifungu cha 28 hakiruhusu makato kwenye ujira isipokuwa yanayotokana na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mshahara, hukumu ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi, au deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe. Sera ya ndani haimo kwenye orodha hiyo. Dakika ishirini ambazo hakufanya kazi, sitapoteza muda kuzigombania. Kilichozidi ni faini, na nisingependa kuwa mimi ninayeitetea mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa aina hiyo hupelekwa Tume ndani ya siku 60 tangu ulipozuka, kwa hiyo mwenzako aihifadhi hati ya mshahara na aandike barua ya kuulizia sasa, asisubiri mwisho wa mwaka.

Lindo la Usiku aliandika:
Sisi walinzi hatujawahi kusikia habari za kufanya kazi nyumbani. Mimi naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi, na hati ya mshahara haionyeshi chochote cha usiku. Je, na hilo limo kwenye barua yenu mpya?

Mama Utumishi aliandika:
Baba, hilo halimo kwenye barua yao, lakini lako ni zito zaidi. Saa za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5 juu ya ujira wa msingi, na saa kumi na mbili za zamu zinahitaji hesabu ya muda wa ziada. Fungua uzi wako, nitakujibu huko.

Msimamizi Mchovu aliandika:
Naomba niseme upande ambao hautapendwa hapa. Ninasimamia watu tisa, na siku za nyumbani kuna wawili ambao hawapokei simu hadi saa tano. Uongozi ukiuliza, sina cha kuonyesha. Hata hivyo nakubali kwamba kanuni ikitungwa kwa ajili ya wawili, saba wanaadhibiwa, na mimi ndiye niliyemwambia kijana wangu "hakuna neno" halafu mfumo ukamkata bila kuniuliza. Hiyo mashine ya kwenu ina sehemu ya msimamizi kuthibitisha sababu kabla data haijaenda kwenye mishahara? Ya kwetu inayo, ila hakuna aliyefundishwa kuitumia.

Mwanzisha uzi aliandika:
Shikamoo mama, na asanteni wote. Mkataba wangu nimeufungua, na mahali pa kazi pameandikwa "makao makuu au mahali pengine mwajiri atakapoelekeza", kwa hiyo siku zangu mbili naona zinaning'inia. Kuhusu swali la msimamizi, nimeuliza, na fundi wa kompyuta anasema sehemu hiyo ipo lakini imezimwa.

Jana tumepeleka barua yenye saini za watu kumi na wanne tukiuliza mambo mawili tu: tarehe halali ya kuanza ni ipi kati ya zile tatu, na makato yamefanywa chini ya kifungu kipi. Jibu limekuja leo mchana. Tarehe sasa ni 1 ya mwezi ujao, na makato ya kabla ya hapo "yatapitiwa". Kuhusu kifungu, wamenyamaza.

Limebaki jambo la dada mmoja wa kitengo cha tafsiri. Aliajiriwa 2022 akiwa Morogoro, na barua yake ya ajira, yenye saini ya mkurugenzi, inasema atafanyia kazi nyumbani kwake na kuja ofisini mara moja kila robo mwaka. Kiambatisho kinasema "wafanyakazi wote". Ameambiwa kwa mdomo ahamie Dar es Salaam ifikapo tarehe hiyo hiyo 1, kwa gharama zake.

Mama Utumishi aliandika:
Huyo asihame, na asijibu kwa mdomo. Aombe agizo hilo kwa maandishi kwanza. Aliyempigia simu ni nani, Utumishi au mkuu wa idara?

Mwanzisha uzi aliandika:
Mkuu wa idara. Utumishi wanasema hawana habari.