Duka la mtandaoni linanirudisha ukurasa wa mwanzo bila neno, kisha linasema "Hakuna matokeo"

Mleta uzi:
Wanajukwaa, naomba mnivumilie kwa sababu nina hasira. Nilifungua risiti ya barua pepe ambayo duka lenyewe lilinitumia nilipoagiza katriji ya wino ya printa, nikabofya jina la katriji hiyo ili niagize nyingine, nikajikuta kwenye ukurasa wa mwanzo katikati ya matangazo ya viatu, pasipo hata sentensi moja ya kunieleza kama bidhaa imeisha, imefutwa au imehamishwa. Nikaandika "KT-40" kwenye kisanduku cha utafutaji, nikajibiwa "Hakuna matokeo" juu ya ukurasa mweupe, na nilichokiandika kikafutwa. Hatimaye niliikuta katriji ileile kwa kupekua orodha nzima ya vifaa vya printa: siku hizi wanaiandika "KT40", bila kistari. Bidhaa wanayo, pesa ninayo, na bado wamefanya kila waliloweza ili niondoke.

Mchuuzi Mkongwe:
Ndugu, mimi pia nina duka, na nilichoelezwa ni kwamba kurasa za 404, yaani zile zinazosema anwani haikupatikana, huliharibia duka nafasi yake Google. Ndiyo maana kila anwani iliyokufa tunaielekeza ukurasa wa mwanzo, ambako mteja anaona bidhaa zote na kujichagulia. Sioni dharau iko wapi.

Fundi wa Seva:
Mchuuzi, uko sahihi nusu. Anwani iliyobadilika inastahili kuelekezwa, ila ielekezwe kwenye bidhaa ileile au iliyochukua nafasi yake. Ukizielekeza zote ukurasa wa mwanzo, Google huweza kuzihesabu kama kurasa zisizopatikana, kwa hiyo faida uliyoifuata huipati, na mteja umekwisha kumpoteza. Ninahisi katriji hii ilipobadilishwa jina, mfumo uliipa anwani mpya na hakuna aliyeiunganisha na ile ya zamani. Mleta uzi anaweza kuhakikisha hivi, akiweka anwani iliyomo kwenye risiti yake:

```
curl -I https://duka.example/katriji-kt-40
```

Akiona `301`, msimbo wa kuelekeza kwingine, na chini yake `Location: /`, yaani ukurasa wa mwanzo, basi wanafagia kila kitu kwenda mwanzo. Ilitakiwa isomeke `Location: /katriji-kt40`. Bidhaa iliyoisha kwa muda ibaki na ukurasa wake, na ukurasa huo useme kuwa imeisha. Iliyoondoka moja kwa moja bila mbadala ipewe 404, au 410 inayosema imeondolewa kabisa, na hakuna sheria inayokataza ukurasa wa 404 kuwa na jina la bidhaa iliyokuwapo, kisanduku cha utafutaji na kiungo cha kundi lake. Msimbo unasomwa na mashine, maneno yanasomwa na mteja.

Bi. Shani:
Hata mimi yalinikuta, kadi yangu ilikataliwa! Ujumbe ulisema "Kosa limetokea", na anwani yote niliyoijaza ikafutika. Je, hiyo nayo ni 404?

Fundi wa Seva:
Hapana, Dada, hilo ni la malipo. Mara nyingi benki hailielezi duka sababu halisi ya kukataa, lakini duka lingeweza kukwambia kwamba kadi imekataliwa, kwamba oda haijakamilika, na kukubakizia yote uliyoyajaza isipokuwa namba za kadi.

Mleta uzi:
Nimejaribu amri hiyo. Ni `301`, na `Location: /`. Sasa nielezeni habari ya kistari, maana hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Fundi wa Seva:
Utafutaji wao unalinganisha herufi kwa herufi. Dawa yake ni kuondoa vistari na nafasi pande zote mbili, kwenye majina yaliyohifadhiwa na kwenye maneno ya mteja, kabla ya kulinganisha. Ina mpaka wake: "A1-10" na "A11-0" zote zitageuka "A110", na katriji isiyo yako haitaingia kwenye printa. Kwa hiyo mimi ningeacha alichoandika mteja kibaki kisandukuni, niandike "Hatukupata KT-40. Je, ulikuwa unatafuta KT40?", kisha niache abofye mwenyewe.

Mchuuzi Mkongwe:
Maneno mazuri, lakini nina maelfu ya anwani za zamani. Nani atakaa kuziunganisha moja moja?

Fundi wa Seva:
Fungua kumbukumbu za seva, tazama anwani zilizokufa ambazo watu bado wanaziomba, anza na zinazoombwa zaidi. Nyingi hazijaguswa na mtu, ziache zirudishe 404 ya kweli.

Mchuuzi Mkongwe:
Na zile zinazoombwa na mtu mmoja tu, kama huyu mwenye risiti?

Mleta uzi:
Huyo mmoja ndiye aliyekuja na pesa mkononi, Mzee. Anwani mliyoiandika nyinyi kwenye risiti yangu mnapaswa kuihesabu kuwa deni, hata ikiombwa mara moja kwa mwaka.