Naomba ushauri: nimwandikieje wakala wa safari?

Wakuu, naandaa barua pepe kwa wakala. Tarehe 12 ni harusi ya dada yangu, tarehe 15 nina kikao nchi nyingine, kurudi ni kati ya 17 na 20. Hapo tu ndipo tarehe inaposogea. Tiketi mbili tofauti ni nafuu, ila ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kunipa kiti kingine. Mizigo pia nitaichukua na kuikabidhi upya pale ninapobadilisha ndege, na huenda hapo nikahitaji viza. Tiketi moja inanilinda, lakini inazidi bajeti kidogo. Je, nimtajie kikomo changu halisi, mizigo ikiwemo? Au nichukue mbili, nitangulie siku moja? Harusi hii siwezi kuikosa.