Tupeane uzoefu: kanu, kindi na wageni wengine wanaohamia darini

Mama_Njiro (mwenye mada)
Habari zenu, ndugu zangu. Tunaishi Arusha, katika nyumba ya bati yenye dari ya jipsamu na mparachichi mkubwa unaogusa paa. Tangu mvua zianze, kila giza linapoingia tunasikia kishindo kimoja kizito juu ya chumba cha watoto, kisha mbio za haraka kuelekea kona ya jikoni, halafu kimya mpaka karibu na alfajiri, ambapo mbio zile zile hurudi kutoka upande wa pili. Mume wangu anasema ni panya wakubwa, lakini jana nilimulika tochi nikaona mkia mrefu wenye mapete meusi na meupe ukiingia chini ya bati. Dari imeanza kuwa na doa la njano lenye harufu kali. Sitaki kumwua, ila sitaki aendelee kulala juu ya vichwa vya wanangu. Waliopitia haya walifanyaje?

Mpenda_Kimya
Shikamoo, mama. Kishindo kile nakijua. Hukaa kifuani hata baada ya mnyama kuondoka.

Mwalimu_Mstaafu
Huyo ni fungo. Nunueni vidonge vya kuzuia nondo, vile vinavyowekwa kabatini, mvitupe darini kwa wingi, na mwache taa ikiwaka humo usiku kucha. Wanyama wa usiku hawapendi mwanga wala harufu kali. Sisi tulifanya hivyo na akaondoka.

Fundi_wa_Paa
Mwalimu, kwa heshima zote, kwenye taa una haki kiasi, lakini kwenye vidonge nakupinga. Mvuke wake haubaki darini; hushuka kupitia matundu ya taa na kona za dari, na watakaouvuta ni watoto waliolala chini. Vilevile fungo ni mnyama mzito anayetembea ardhini, anayeweza kupita kilo kumi, na si kawaida yake kukwea paa. Mwenye mkia wa mapete, mwembamba, anayeruka kutoka mparachichi hadi kwenye bati, ni kanu. Uzito wake ni wa kilo mbili hivi, na mwili wake hupita popote kichwa chake kinapopita, ndiyo maana watu huangalia tundu na kusema haiwezekani.

Mama, doa la njano lina maelezo. Kanu huwa na tabia ya kurudi kujisaidia mahali pale pale, na jipsamu ikishanyonya mkojo hulainika na kushuka. Msipite wala kulala chini ya doa hilo mpaka fundi alikague.

Binti_Tanga
Kwetu pwani hadithi ni tofauti kidogo. Tulisikia kelele mchana, si usiku: asubuhi baada ya jua kuchomoza na tena alasiri, kitu kinabingirika juu ya dari kama gololi, kisha kinagugunwa. Walikuwa kindi, wakibeba kungu kutoka mti wa jirani. Nilipopata fundi wa umeme apande kuangalia, alishuka na kipande cha waya kilichomenywa ganda lote mpaka shaba ikawa wazi. Kwa hiyo anayesikia kelele mchana asisubiri. Azime saketi ya taa za upande huo na waya zikaguliwe kwanza, mambo ya kuwafukuza yafuate. Sisi tuliziba tundu kwa povu la kupuliza lile la madukani, nao wakalitafuna wakaingia tena. Kilichowashinda ni wavu wa chuma.

Babu_wa_Usa
Mimi simfukuzi wangu. Tangu kanu ahamie juu ya stoo yangu ya mahindi, panya wamepungua hata magunia hayatobolewi. Mnalipia sumu na mitego kumbe mlinzi yupo bure.

Mpangaji_Mvumilivu
Babu, wewe una stoo. Mimi nina chumba kimoja na kitanda kiko chini ya choo cha huyo mlinzi. Tubadilishane wiki moja tu.

Babu_wa_Usa
Kijana, hamisha kitanda.

Mpangaji_Mvumilivu
Nikihamishia wapi, Babu, barazani? Mwenye nyumba anasema dari ni jukumu la mpangaji kwa sababu mnyama aliingia nikiwa ndani. Hivi kuna mtu humu aliyewahi kushinda hoja hiyo?

Kaka_wa_Moshi
Nimesoma hapo juu kuhusu kuziba tundu na nimekumbuka jambo ambalo majirani zangu wa uwanja mmoja hawajalisahau. Mwenye nyumba yetu alichoshwa na kelele, akaleta kijana mwenye ngazi baada ya magharibi, wakasubiri kanu atoke, kisha wakapigilia ubao kwenye tundu lililokuwa chini ya kona ya paa. Sote tulishangilia, tukalala. Kabla ya adhana ya alfajiri tuliamshwa na sauti ya bati likikwaruzwa kwa nguvu ambayo hukutarajia kutoka kwa mnyama wa ukubwa ule. Alizunguka paa zima, akang'ata fisha bodi mpaka vipande vya mbao vikadondoka kwenye karo la kufulia, na kila alipotulia tukasikia kitu kingine kikimjibu kutoka ndani ya dari: sauti nyembamba, za haraka haraka, kama vifaranga vilivyofungiwa kwenye boksi. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba alikuwa na watoto.

Mwenye nyumba alikataa kufungua, akisema mama atachoka. Hakuchoka. Alirudi usiku uliofuata, na sauti za ndani zikawa hafifu zaidi. Mama mmoja wa chumba cha kati alipanda ngazi mwenyewe jioni, na khanga yake kiunoni, akang'oa ubao kwa nyundo huku mwenye nyumba akifoka chini. Kanu alikuja giza lilipotanda, akaingia, akatoka amemshika mtoto mmoja kwa ngozi ya shingo, akapita juu ya ukuta hatukumwona tena. Wengine wawili walibaki humo wamekufa. Harufu ilituhamisha vyumba, nzi wakajaa taa, na mwishowe jipsamu ya vyumba viwili ilikatwa ili watolewe. Gharama ya dari ilizidi mara nyingi fedha aliyolipwa yule kijana wa ngazi.

Mpenda_Kimya
Nimesoma nikiwa nimesimama.

Binti_Tanga
Huyo mama wa chumba cha kati apewe nyumba nzima.

Mwalimu_Mstaafu
Pole sana. Lakini basi si afadhali kumkamata kwa mtego wa kreti, ukampeleka porini mbali, kisha ukaziba kwa amani?

Fundi_wa_Paa
Hapana, Mwalimu, kwa sababu tatizo ni lile lile: ukimkamata mama, watoto wanabaki. Zaidi ya hayo, kwa Tanzania mnyamapori yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumkamata au kumwua bila kibali ni kosa. Kama hali imeshindikana, afisa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kumwendea. Na tundu likibaki wazi, kanu mwingine ataliona.

Mama Njiro, nitaeleza nilivyofanya kwenye nyumba moja huku huku Arusha, ambayo paa lake linafanana na lako. Kwanza tulikaa nje na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, kuanzia machweo. Kanu alitoka kati ya saa moja na saa mbili usiku, kwenye pembe ambapo mabati mawili yanakutana juu ya mfereji wa maji. Alipotoka tu, mmoja wetu aliingia ndani akasikiliza chini ya dari. Hapo ndipo penye uamuzi: mama akiwa nje na bado ukasikia milio midogo, kuna watoto, na kazi inasimama. Huzaa wawili au watatu kwa kawaida, mara nyingi majira ya mvua, nao hukaa kiotoni majuma mengi kabla ya kumfuata mama. Tulisubiri mpaka tulipowaona wakitoka nyuma yake.

Baadaye tulikata matawi yaliyokaribia paa, tukaacha nafasi ya mita mbili na zaidi. Mianya mingine yote tuliifunga kwa wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, kwa skrubu na washa pana. Wavu wa kuku haufai, anaupinda. Tundu kuu tuliliachia mlango wa kutokea tu: tulitengeneza mrija wa wavu huo huo, urefu kama sentimita sitini, ukitokeza nje kutoka tunduni, na mwisho wake tukaning'iniza kipande chepesi cha wavu kwa bawaba ya waya upande wa juu. Anapotoka anakisukuma kwa kichwa, kinaanguka nyuma yake. Kipande hicho lazima kizidi mdomo wa mrija pande zote, kwa kuwa kanu ana vidole vyepesi na akipata ukingo wa kuuvuta ataufungua. Kibao kilichowekwa moja kwa moja juu ya tundu, bila mrija, nimeona akikifungua.

Uthibitisho tulioutumia ni karatasi. Ndani ya mrija tulisokomeza gazeti kwa ulegevu na tukanyunyiza unga kwenye boriti za karibu. Likisukumwa nje, bado kuna mwenye kutoka. Likikaa bila kuguswa kwa usiku kadhaa mfululizo, na unga ukiwa safi, ndipo tunaondoa mrija na kufunga kabisa. Kama kuna mvua kubwa usiache kuongeza siku, maana anaweza kulala ndani bila kutoka.

Mama_Njiro (mwenye mada)
Nashukuru sana, fundi. Jana tulikaa nje kama ulivyosema. Alitoka, na nilipoingia chumbani nikasikia vimilio viwili au vitatu juu ya kabati. Kwa hiyo tunasubiri. Mume wangu hajafurahi, ila amekubali watoto wetu walale sebuleni. Hilo doa je, nilifanyeje kwa sasa?

Fundi_wa_Paa
Liacheni mpaka wahame. Siku ya kusafisha, yeyote apandaye avae barakoa na glovu, anyunyize maji yenye dawa ya klorini kwanza, kisha azoe kinyesi kikiwa kimelowa. Kukifagia kikavu ni kukivuta puani. Na asiguse mnyama kwa mkono mtupu, hata mtoto aliyedondoka. Aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Mpangaji_Mvumilivu
Bado nauliza kuhusu mwenye nyumba.

Babu_wa_Usa
Mama Njiro, kama unafuga kuku, banda lifungwe kabla ya magharibi, na wavu wa pembeni uwe huo huo wa nusu inchi. Anayenyonyesha ana njaa.